Dampo linavuja, linanuka, gesi inatoka pembeni: pima maji kwanza kabla hujailaumu laina

Dampo la kisasa likianza kuonyesha dalili mbaya, labda kisima cha uchunguzi kimebadilika, au ubavuni panachuruzika maji meusi, au kipima gesi cha mpakani kimeanza kusoma methani, neno la kwanza utakalosikia ni "laina imetoboka", yaani ile sakafu isiyopitisha maji iliyolazwa chini ya taka. Inawezekana kweli imetoboka, ila hapo sio pa kuanzia, kwa sababu laina ipo chini ya mita kadhaa za taka na huwezi kuifikia, na pia kwa sababu dalili nyingi kati ya hizo zinaletwa na maji yaliyokwama ndani ya dampo, sio na tundu. Kwa hiyo hapa nitafuata maji tu, yapo wapi, yana kina gani, na kwanini hayatoki.

Tuelewane kwanza muundo, kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa kuna udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, kawaida sentimita 60, ambao maji yanapita kwa kasi isiyozidi `1 × 10⁻⁹ m/s`. Juu yake inalazwa plastiki nzito ya HDPE yenye unene wa milimita 1.5, na hivi viwili vikigusana vizuri ndo vinaitwa laina mseto. Juu ya plastiki kuna kitambaa kizito cha kuikinga, halafu tabaka la kokoto au mchanga lenye mabomba yenye matundu ndani yake, yanayoshuka taratibu mpaka kwenye sampu, yaani shimo la chini kuliko kote ambako pampu inakaa. Kanuni za Marekani zinataka maji yasizidi sentimita 30 juu ya laina, na wabunifu wengi duniani wanatumia namba hiyohiyo. Ishike hiyo 30, tutairudia sana.

Sasa tuchukue seli moja ya mfano, yaani kipande kimoja cha dampo chenye laina yake, ili tusiongee hewani. Ina hekta 2, mita 100 kwa 200, taka zimefika mita 14. Laina ni mseto kama nilivyosema. Tabaka la kutoa maji ni mchanga wa sentimita 30, mabomba yapo kila baada ya mita 30, na aliyebuni aliyafunga yote kwa kitambaa cha chujio akidhani anazuia uchafu usiingie. Gesi inatolewa na visima vya wima vilivyounganishwa na feni ya kunyonya. Baada ya miaka kadhaa dalili nne zinakuja karibu kwa pamoja.

Pampu inatoa maji kidogo kuliko zamani

Hii watu wanaifurahia, wanaona maji yamepungua, gharama ya kusafisha imepungua, mambo safi. Mimi hii ndo dalili inayonitisha kuliko zote maana haina harufu wala haionekani.

Fanya hesabu ya haraka. Tuseme mvua inayopenya mpaka ndani ya taka ni wastani wa milimita 2 kwa siku, ukizidisha na mita za mraba 20,000 unapata mita za ujazo 40 kila siku. Kitabu cha pampu kinasema kwa miezi 9 sasa zinatoka 15 tu. Zile 25 zipo wapi? Taka mpya zinafyonza maji, hilo ni kweli, na kama seli bado inajazwa toa sehemu kwa ajili hiyo, ila seli ya mfano imeshajaa, taka zake zimeshalowa, haziwezi kuendelea kunywa mita za ujazo 25 kila siku.

Kabla hujaenda mbali tenganisha mambo mawili, pampu mbovu na mfereji ulioziba, kwa sababu kwenye kitabu vyote vinaonekana sawasawa. Kipimo chake ni rahisi. Washa pampu kwa mkono halafu angalia levo ndani ya sampu. Levo isiposhuka huku pampu inanguruma, shida ipo kwenye pampu yenyewe, au valvu ya kuzuia maji kurudi imekwama ikiwa imefungwa, au bomba la kupandishia limeziba kwa ukoko. Lakini levo ikishuka chap, sampu ikabaki tupu ndani ya dakika chache, halafu ikachukua saa nyingi kujaa tena, pampu ni nzima na ina njaa, maji hayaifikii. Usisahau na sensa ya levo, inapata ukoko juu yake na kuanza kudanganya, kwa hiyo shusha kamba ya kupimia uhakikishe namba unayoiona kwenye skrini ndo namba iliyopo kweli.

Kwenye seli yetu sampu ilikauka haraka na kujaa polepole. Wakati huohuo piezomita, kipima kina cha maji, iliyopandwa ndani ya tabaka la mchanga katikati ya seli inasoma mita 2.4. Mita mbili na nusu kasoro kidogo, mahali ambapo tunaruhusu sentimita 30! Na yule anayesoma levo ya sampu peke yake kila asubuhi anaandika "kawaida", kwa sababu sampu inakuambia habari za sampu tu. Dampo lisilo na piezomita kwenye sakafu linaendeshwa kwa kubahatisha, hilo nalisema bila kumung'unya.

Kwanini mchanga umekataa kupitisha? Maji ya dampo changa yana asidi za kikaboni nyingi na kalsiamu nyingi. Bakteria wanaokaa kwenye tabaka la mchanga wanakula zile asidi, wakizila pH inapanda, kabonati inaongezeka, na kalsiamu inaganda kuwa kalsiamu kabonati, yaani chokaa ngumu kabisa iliyochanganyika na ute wa bakteria wenyewe. Mchanga una vitundu vidogo, hauhitaji chokaa nyingi kujifunga. Kitambaa kilichozunguka bomba ndo kibaya zaidi, maji yote ya eneo kubwa yanalazimishwa kupita kwenye eneo dogo la kitambaa, kwa hiyo uchafu wote na bakteria wote wanakutana hapo, na huwezi kukisafisha maana kipo nje ya bomba.

Kuona ukubwa wa tatizo kuna fomula moja rahisi ya kukadiria kina cha juu kabisa cha maji katikati ya mabomba mawili, kwa sakafu iliyo tambarare:

```
h = (L / 2) × √(r / k)
```

`L` ni umbali kati ya mabomba, `r` ni kasi ya maji yanayoingia, `k` ni kasi ya tabaka kupitisha maji. Milimita 2 kwa siku ni `2.3 × 10⁻⁸ m/s`, na `L` ni mita 30. Mchanga mpya wenye `k` ya `10⁻⁴` unakupa sentimita 23, kwa hiyo siku ya kwanza mchoro ulikuwa halali kabisa, chini ya 30, mkaguzi alipiga muhuri. Mchanga huohuo ukiziba mpaka `10⁻⁶` unapata mita 2.3. Kokoto safi za `10⁻²` zingekupa sentimita 2.3 tu. Yaani `k` ikishuka mara 100 kina kinapanda mara 10, na mbunifu aliyeanza na sentimita 23 hakujiachia nafasi yoyote ya kuziba, wakati kuziba ni jambo la lazima, swali ni lini tu. Ukweli hesabu hii haihesabu mteremko wa sakafu, ukiwepo kina kinapungua kidogo, na maji yakishapanda kuingia kwenye taka mambo yanakuwa magumu zaidi ya fomula, lakini kwa kujua upo upande gani wa mstari inatosha.

Angalia pia kama maji yanajumlisha. Mita za ujazo 25 kwa siku zikijaa kwenye taka ambazo nafasi yake inayoweza kushika maji ya kutiririka ni asilimia 10 hivi, levo inapanda milimita 12.5 kwa siku. Miezi 9 inatoa karibu mita 3.4, lakini piezomita inasoma 2.4. Kuna maji hayajafika chini. Yapo sehemu nyingine, na dalili inayofuata inatuambia wapi.

Maji meusi yanatoka ubavuni

Hapa watu wanakimbilia kusema dampo limejaa mpaka limefurika. Pima kwanza kimo cha pale yanapotokea. Kwenye seli yetu yanatoka mita 5 juu ya sakafu, na maji ya sakafuni yana mita 2.4. Maji hayawezi kupanda mlima yenyewe, kwa hiyo haya ni maji mengine, yamening'inia juu.

Yananing'inia kwa sababu ya udongo wa kufunikia taka kila jioni. Ukitumia mfinyanzi kufunika, halafu kesho yake ukamwaga taka juu bila kuukwangua, umejenga sakafu ndogo isiyopitisha maji katikati ya dampo, na ukirudia hivyo kila siku unapata rundo la sakafu, kila moja imeshika kidimbwi chake. Mvua inashuka mpaka inagonga sakafu ya kwanza, inatembea kwa pembeni, inatokea ubavuni. Sio lazima kuwe na tatizo lolote chini ili hii itokee, unaweza kuwa na mabomba safi kabisa na bado ubavu unalia.

Dawa ya haraka ni kuchimba mtaro mfupi pale yanapotokea, kuvunja ule udongo, kujaza kokoto na kuyaelekeza maji yashuke ndani ya dampo. Kupaka udongo mwingine juu ya tundu la ubavuni kila wiki hakusaidii, yatatokea mita 3 pembeni. Ila kwa seli kama yetu ngoja kwanza, usiyashushe chini kabla sakafu haijapata njia ya kutoa, vinginevyo unaongeza juu ya zile 2.4. Kwa sasa yakusanye pale ubavuni kwenye mtaro wenye plastiki yapelekwe kwenye bwawa la kusafishia, na hakikisha mtaro wa maji ya mvua hauyapokei.

Na hapa kuna jambo ambalo sio la mazingira tu. Maji yaliyokwama yanazibeba taka kwa presha kutoka chini, msuguano unapungua, rundo zima linaweza kuteleza. Dampo la Doña Juana, Bogotá, mwezi Septemba 1997, liliteleza takriban mita za ujazo 800,000 za taka, na hilo ni dampo lililokuwa na laina, ambalo maji yake machafu yalikuwa yanarudishwa ndani ya taka. Ukiona nyufa za kupinda sehemu ya juu, au kitako cha mteremko kinavimba kwenda nje, huku piezomita zinapanda, toa watu na mashine eneo la chini kwanza, maelezo baadaye. Na kama na wewe unarudisha maji ndani ya seli, simamisha siku hiyohiyo.

Kisima cha uchunguzi kimebadilika

Kisima cha upande ambao maji ya ardhini yanaelekea kimeanza kupanda upitishaji wa umeme. Sasa ndo tunaiangalia laina, lakini kwa kuuliza ni nini hasa kimepanda.

Kama kloraidi na amonia zimepanda pamoja, hapo kuna maji ya dampo. Kloraidi haiozi wala haishikwi na udongo, inatembea na maji, kwa hiyo ni shahidi mzuri. Amonia inachelewa kidogo maana mfinyanzi unaishikilia, usishangae ikifika nyuma ya kloraidi. Lakini kama kloraidi imetulia palepale na kilichopanda ni alkalini na kalsiamu, huku pH ikishuka kidogo, mshukiwa ni gesi. Kaboni dioksaidi inatoka pembeni mwa dampo, inayeyuka kwenye maji ya ardhini, yanakuwa na tindikali kidogo na kuanza kuyeyusha madini ya mawe. Kisima kinaonekana kimechafuka na hakuna tone la maji ya dampo lililofika. Nimeona watu wakianza kujadili kuhamisha taka kwa ajili ya kitu ambacho kingetibiwa na feni ya gesi. Na kabla ya yote hayo angalia kichwa cha kisima chenyewe, kama yale maji ya ubavuni yanapita karibu na saruji yake imepasuka, sampuli yako ni ya mtaroni.

Tuseme kloraidi imepanda kweli, kidogo. Je, zile mita za ujazo 25 kwa siku zimepita kwenye laina? Hesabu inasema hapana. Kwa fomula ya Giroud ya kukadiria uvujaji wa laina, tundu moja la sentimita 1 ya mraba kwenye laina mseto iliyolala vizuri juu ya mfinyanzi, maji yakiwa sentimita 30, linavuja kama nusu lita kwa siku. Maji yakiwa mita 2.4 linavuja kama lita 4 mpaka 5. Kupoteza mita za ujazo 25 kwa njia hiyo ungehitaji maelfu ya matundu. Kwa hiyo maji mengi yapo ndani bado, na kinachotoka ni kidogo, ila kimeongezeka mara nane au tisa kwa tundu lilelile lililokuwepo tangu siku ya kwanza. Laina haijaharibika upya, imesukumwa zaidi. Ukirudisha kina kwenye sentimita 30, unapunguza uvujaji bila kugusa plastiki.

Kungekuwa na mfinyanzi peke yake bila plastiki ungeona picha tofauti. Sentimita 30 za maji juu ya sentimita 60 za mfinyanzi zinapitisha kama mita za ujazo 1.3 kwa hekta kwa siku, na mita 2.4 zinapitisha 4.3. Ndo maana vitu viwili vinawekwa pamoja, plastiki inapunguza eneo la kupita kuwa vitundu vichache, mfinyanzi unaminya kila kitundu.

Kinachovunja hesabu hii nzuri ni mikunjo. Plastiki nyeusi ikipigwa na jua la mchana inatanuka na kuinuka kama matuta, ikifunikwa na mchanga hivyohivyo yale matuta hayashuki, yanabaki mifereji mitupu chini ya plastiki. Tundu likiangukia kwenye tuta, maji yanatembea urefu wote wa tuta na yanaingia kwenye mfinyanzi kwa eneo kubwa, uvujaji unakuwa mara nyingi zaidi ya ule wa tundu la kawaida. Kwa hiyo ukiona kloraidi inapanda kwa kasi isiyolingana na hesabu, tafuta picha za siku ya ujenzi, zilipigwa saa ngapi na plastiki ilikuwa imelalaje. Picha za saa saba mchana zenye matuta kila mahali zinajibu maswali mengi. Sehemu nyingine ya kushuku ni pale bomba linapotoboa laina, kama mbunifu aliamua maji yatoke kwa kupita ukutani badala ya kupampiwa kwa bomba lililolala juu ya mteremko wa ndani. Maungio yale ya bomba na plastiki yanavutwa na taka zikishuka, na yakikatika hakuna namna ya kuyafikia.

Methani mpakani, na visima vya gesi vimedhoofika

Gesi ya dampo ni methani nusu au zaidi kidogo, inayobaki karibu yote ni kaboni dioksaidi. Methani inalipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 hewani, kwa hiyo kipima cha mpakani kikisoma 5 unachukulia ni dharura, na ndani ya jengo hatua zinaanza kwenye 1.25. Ukipata methani jengoni, toa watu, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, fungua milango, halafu ndo uanze uchunguzi.

Kwenye seli yetu kipima cha mpakani kinasoma 8 siku nyingine na siku nyingine sifuri, hadi watu wakasema kifaa ni kibovu. Sio kibovu. Linganisha masomo na barometa. Presha ya hewa ikishuka, gesi iliyokuwa imetulia ardhini inavutwa kutoka, ikipanda inasukumwa kurudi. Loscoe, Derbyshire, Machi 1986, nyumba ililipuka karibu na dampo alfajiri baada ya presha ya hewa kushuka milibari 29 kwa saa 7. Kwa hiyo anayepima mara moja kwa mwezi siku yenye hewa nzuri anaweza kukosa kila kitu, pima pia siku presha inaposhuka.

Kwanini gesi inaenda pembeni badala ya kwenda kwenye visima? Shusha kamba kwenye kisima cha gesi. Kisima chetu kina mita 11, matundu yanaanza mita 4 mpaka chini, yaani mita 7 za kunyonya. Maji yamekutwa mita 6 kutoka juu. Zimebaki mita 2 kati ya 7. Kisima kimezama. Na maji hayo sio ya sakafuni pia, maana maji ya sakafuni yanaanza mita 11.6 chini, ni vile vidimbwi vilivyoning'inia vinavyomwagikia kisimani kwa sababu kisima kimezitoboa zile sakafu za udongo. Ndo ile sehemu ya maji iliyokuwa haionekani kwenye hesabu ya mwanzo.

Opereta akiona gesi imepungua anaongeza mvuto wa feni. Usifanye hivyo. Mvuto mkubwa kwenye mita 2 za juu unavuta hewa kutoka juu ya dampo, oksijeni inaingia kwenye taka, bakteria wa hewa wanapandisha joto, na ukiendelea unawasha moto chini kwa chini. Ishara zake zipo wazi ukizitafuta: oksijeni kwenye kisima inapita asilimia 5, joto la gesi linapita nyuzi 55, methani inashuka, na uso wa dampo unadidimia ghafla sehemu moja. Ukipima kaboni monoksaidi ikapita 1,000 ppm kwenye kisima chenye joto hivyo, chukulia moto upo. Funga valvu ya kisima hicho, ziba nyufa kwa udongo, na usimwage maji ovyo ukidhani unazima.

Dawa ya kisima kilichozama ni pampu ndogo ndani yake, zinazoendeshwa kwa upepo wa kompresa ndo zinafaa maana hazina umeme kwenye gesi inayolipuka na zinavumilia tope. Maji yakitoka, mita zako 7 zinarudi, na gesi inafuata njia yake bila kuongeza mvuto. Wakati huohuo kagua njia za mkato: pembeni pale laina inapoishia, mtaro wa nyaya, na bomba la sampu lenyewe ambalo likikauka na halina kifuniko kizuri linakuwa bomba la gesi la bure. Na mtu asishuke kwenye sampu au shimo lolote, hata dakika moja, oksijeni hamna mle, na haidrojeni salfaidi ikiwa nyingi pua inaacha kuinusa.

Marekebisho yanaenda kwa mpangilio gani

Sakafu kwanza. Ingiza kamera kwenye mabomba, halafu uyaoshe kwa maji ya presha kutoka ncha zote mbili, kama mabomba yana milango ya kusafishia. Ukoko wa chokaa ndani ya bomba unatoka. Uliopo kwenye mchanga na kwenye kitambaa hautoki kwa presha, hapa ndo wengi wanaosha mara mbili tatu wakisubiri muujiza. Ukiosha na piezomita isishuke ndani ya wiki chache, kubali tabaka limekufa, chimba visima vya wima vya kupampia maji ndani ya taka, ukisimamisha kichimbio chini ya levo ya maji ila kwa nafasi ya usalama juu ya laina, kwa sababu ramani ya sakafu na sakafu yenyewe havilingani kila mara. Visima hivyo havitafikia sentimita 30, utabaki na maji kiasi, lakini ukitoka 2.4 kwenda chini mpaka pale kisima kinapoweza kufika unapunguza kilichokuwa kinasukuma.

Sambamba na hapo punguza kinachoingia. Seli imejaa, ifunike juu kwa tabaka lisilopitisha maji lenye mteremko, na uzibe madimbwi yanayotokea taka zinaposhuka. Kama milimita 2 kwa siku zikishuka kuwa 1, maji ya kupampu kule chini yanapungua kwa nusu. Kifuniko kikiwa kizuri gesi nayo haina pa kutokea juu, itaenda pembeni zaidi, kwa hiyo visima vya gesi viwe vimeshatolewa maji kabla kifuniko hakijakamilika, sio baada.

Kwenye seli inayofuata ningebadili vitu vichache tu. Mchanga utoke, ziingie kokoto za mviringo za milimita 50 hivi, unene sentimita 30 mpaka 50, zisiwe za chokaa maana zinaliwa na maji yenye asidi. Kitambaa kitoke kwenye bomba kikae juu ya kokoto zote, kati yake na taka, ambako eneo ni kubwa. Mabomba yawe milimita 200, mteremko usipungue asilimia 1 hata baada ya ardhi kutulia, na kila bomba liwe na mlango ncha mbili. Plastiki ifunikwe asubuhi ikiwa imelala, na baada ya kokoto kuwekwa ndo ufanywe ukaguzi wa umeme wa kutafuta matundu, kwa sababu mengi yanatobolewa na mashine inayosambaza kokoto, sio kwenye maungio yaliyochomelewa. Tabaka la kwanza la taka, mita 2 hivi, liwe la taka laini zilizochaguliwa, bila vyuma virefu, na kompakta, ile mashine ya kushindilia taka, isikanyage hapo mpaka limefika unene huo. Udongo wa kufunikia kila jioni uwe wa kichanga, na ukwanguliwe asubuhi. Halafu piezomita tatu kwenye sakafu, moja karibu na sampu, moja katikati ya mabomba mawili na moja ncha ya juu, zisomwe kila wiki na kuandikwa safu moja na mita za ujazo za pampu, ili siku pampu ikianza kutoa kidogo mtu aone upande wa pili maji yamepanda.